Ushuhuda wa mteja kwa video: namna ya kuuliza hadi upate gunia la makaa badala ya "wako sawa"

Maswali mawili hayaishi kwenye simu yangu, na yote yanatoka kwa watu wenye biashara ndogo hapa Nairobi. La kwanza: "Nimwandikie mteja maneno ya kusema?" La pili: "Mbona kila mteja akikaa mbele ya kamera anasema tu huduma ni nzuri?" Majibu yake yanaingiliana, kwa hiyo nitayajibu pamoja, nikitumia kazi moja niliyoifanya Kariobangi. Fundi wa majiko kutoka Kamukunji alitaka video fupi ya mteja wake, mama anayeuza chapati na maharagwe. Jiko lenyewe ni la bati zito lililojengewa udongo ndani, na fundi alikuwa na hakika kwamba linaokoa makaa. Kazi yangu ilikuwa kujua linaokoa kiasi gani, kwa maneno ya mama mwenyewe.

Jibu fupi la swali la kwanza: usimwandikie mteja neno hata moja. Skripti ya ushuhuda huandikwa mara mbili. Mara ya kwanza unaandika maswali peke yake. Mara ya pili, baada ya mahojiano, unapanga kwenye karatasi maneno aliyoyatamka, ukikata na kusogeza bila kuongeza chako. Ukimpa maneno ya kukariri, macho yake yatakuwa yanasoma hewani, na mtazamaji wa Nairobi, ambaye ameshaona matangazo ya kila namna, atajua kabla sekunde tano hazijapita.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Simu inayorekodi video ya 1080p, yenye nafasi ya kutosha. Mahojiano ni ya dakika 30 hadi 40, si tatu.
- Stendi ya simu. Usishike kwa mkono.
- Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo. Kama bajeti ni ya kitu kimoja tu, nunua hii.
- Karatasi ya maswali iliyochapishwa au kuandikwa kwa mkono. Usisome maswali kwenye simu nyingine, kwa sababu mteja akikuona unatazama simu anadhani umemchoka.
- Fomu ya idhini ya ukurasa mmoja, kwa lugha anayoisoma mteja.
- Kumbukumbu za mteja mwenyewe: daftari la mauzo, risiti, ujumbe wa M-Pesa. Hizi ndizo zitakazofanya kazi kubwa kuliko swali lolote.

Hatua ya 1: Chagua mteja mwenye "zamani"

Wengi humchagua mteja mchangamfu zaidi. Mimi humtafuta aliyekuwa akifanya kazi ile ile kabla ya kununua, akiwa na chombo kingine au bila chombo. Kama hana zamani ya kulinganisha, hakuna matokeo ya kusimulia, hata awe msemaji namna gani. Mama wa Kariobangi si mtu wa maneno mengi, lakini alikuwa amepika kwa jiko la kawaida miaka kadhaa, na kwa jiko jipya miezi minne. Hiyo miezi minne nayo ilikuwa muhimu. Mteja wa wiki mbili bado ana furaha ya kitu kipya, na hajakutana na mwezi mbaya.

Hatua ya 2: Piga simu fupi siku mbili kabla

Dakika kumi zinatosha. Mweleze video ni ya nani na itaonekana wapi. Muulize anaweka kumbukumbu gani, kisha umwombe asifute ujumbe wa M-Pesa na awe na daftari lake karibu siku hiyo. Mwambie pia mada mtakazozungumzia: kazi ilivyokuwa zamani, siku aliyoamua kununua, na ilivyo sasa.

Tahadhari: usimtumie maswali yenyewe. Akiyapata mapema ataandaa hotuba, na hotuba ndiyo inayokuja na "ningependa kuwashukuru". Na akianza kukusimulia kisa kizima kwenye simu, mkatize kwa adabu: "Mama, hiyo niwekee hadi Alhamisi." Kisa kikisimuliwa mara ya pili hupoa, na mtu hukifupisha akidhani tayari unakijua.

Hatua ya 3: Andika karatasi ya maswali

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Swali la "unaonaje", "limekusaidia vipi" au "unajisikiaje" linaomba maoni, na maoni ya mtu mwenye adabu ni sifa. Kwetu mgeni akija na kamera, kumwambia ubaya wa kitu ni kumkosea heshima, kwa hiyo mteja anakusifia kwa nia njema kabisa. Badala yake uliza "siku gani", "ngapi", "mara ya mwisho lini", "ukafanya nini". Maswali haya hayana nafasi ya sifa. Yanaomba kumbukumbu.

Kuna kipimo kimoja ninachokitumia wakati wa mahojiano, nacho kiko ndani ya lugha yetu. Sikiliza kitenzi. Mteja akisema "linasaidia", "huwa linaokoa", "linafanya kazi vizuri", bado yuko kwenye maelezo ya jumla. Akisema "nilinunua", "likaisha", "nikawarudishia pesa", amefika kwenye tukio. Kazi yako yote ni kumtoa kwenye "huwa" na kumpeleka kwenye "-li-" na "-ka-". Kila ukisikia "huwa", uliza: "Mara ya mwisho ilikuwa lini?"

Hii ndiyo karatasi niliyokwenda nayo Kariobangi. Badilisha makaa kwa bidhaa yako, na ufuate mpangilio huo huo, kwa sababu zamani lazima itangulie sasa.

Kuhusu zamani:

1. Kabla ya jiko hili, ulikuwa unapikia nini? Nielezee asubuhi moja tangu unapowasha.
2. Makaa ulikuwa unanunua siku gani, kiasi gani, kwa bei gani?
3. Yalikuwa yanaisha lini? Ulijuaje kwamba yanakaribia kuisha?
4. Nikumbushe siku moja ambayo makaa yalikuharibia kazi. Nini kilitokea?

Kuhusu uamuzi:

5. Mara ya kwanza kusikia bei ya jiko hili, ulimwambia nini fundi?
6. Ulikuwa na wasiwasi gani? Nini kilikubadilisha?

Kuhusu sasa:

7. Gunia la mwisho ulilinunua lini? La kabla ya hilo je?
8. Kati ya zamani na sasa, ni kipi kingine kilichobadilika: unga, idadi ya wateja, saa za kupika, vitu unavyopika?
9. Ile pesa ambayo haikwenda kwenye makaa, mara ya mwisho ilikwenda wapi?
10. Jiko hili lina udhia gani? Fundi hatakasirika, ameniambia nikuulize.

Swali la 8 ni la kukulinda wewe, na ndilo watu huliruka. Mwenye kibanda mmoja wa Ngara aliniambia makaa yake yamepungua nusu. Nilipomuuliza kilichobadilika, akakumbuka kwamba mwezi ule ule alinunua mtungi na kuanza kuchemshia maharagwe kwenye gesi. Hapo haikujulikana ni kiasi gani cha makaa kilichookolewa na jiko na kiasi gani kilihamia kwenye gesi, kwa hiyo namba yake hatukuitumia. Tulitumia kisa chake cha moshi, ambacho hakikuhusiana na gesi.

Swali la 10 huwaogopesha wenye biashara, na naelewa. Lakini mtu anayetaka kununua tayari anajiuliza ubaya uko wapi. Ukiutaja mwenyewe, anaamini na mengine.

Hatua ya 4: Panga mahali

Mpige picha mahali anapofanyia kazi, saa ambayo kazi imetulia. Kwa kibanda cha chakula ni kati ya saa tisa na saa kumi jioni, wateja wa mchana wakiwa wameondoka. Kariobangi kuna wachomeleaji na honi za matatu, kwa hiyo tuliingia upande wa ndani wa kibanda, na maikrofoni nikaibana shubiri moja chini ya kidevu. Weka simu kwenye hali ya ndege ili isilie katikati. Mwisho rekodi sekunde 30 za kimya cha mahali pale, mtu asiseme kitu. Utazitumia kuziba mianya ukikata sauti.

Mweke mteja akitazama mwanga wa mlango au dirisha. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za tyubu na balbu za bei nafuu hupepesa kwenye video bila jicho lako kuona. Kama simu yako inakuruhusu kuchagua, weka kasi ya shata 1/50 au 1/100. Kama hairuhusu, zima taa na utegemee mwanga wa nje.

Wewe kaa kando ya simu, karibu nayo kabisa, kimo cha macho yake. Atakuangalia wewe, si lenzi. Na mwenye biashara asiwepo. Namaanisha asiwepo kabisa, asisimame hata mlangoni. Yule fundi alitaka kuja, nikamwomba abaki Kamukunji. Mama asingemtajia udhia wa jiko akimtazama usoni.

Hatua ya 5: Fanya mahojiano

Kabla ya kurekodi, mpe kanuni mbili. Ya kwanza: ajibu kwa sentensi kamili, kwa sababu sauti yako itakatwa. Ukimuuliza gunia lilidumu siku ngapi na akajibu "sita", huna kitu. Mwombe aanze na jina la kitu: "Gunia..." Hapa unampa mwanzo wa sentensi. Usimpe mwisho wake kamwe. Ya pili: anaweza kusema kwa lugha yoyote inayomjia, na akikosea anarudia bila wasiwasi.

Haya ndiyo yaliyotokea. Nayaandika kama yalivyo ili uone mahali sifa ilipogeuka kuwa matokeo. Nilianza kwa kosa la makusudi, swali la kumchangamsha tu.

"Mama, jiko limekusaidia vipi?"

"Limenisaidia sana. Ni jiko zuri, na huyo fundi ni mtu mzuri, Mungu ambariki. Makaa yamepungua nusu."

"Asante, mama. Turudi nyuma kidogo. Kabla ya jiko hili, makaa ulikuwa unanunua siku gani?"

"Jumatatu. Kijana alikuwa ananiletea gunia kila Jumatatu asubuhi."

"Na likiisha lini?"

"Jumamosi jioni. Jumapili sipiki, naenda kanisani."

Nikanyamaza. Hesabu hadi nne kimoyomoyo kila jibu linapoisha, hata kama kimya kinakukera. Mama alitazama jiko, kisha akaendelea mwenyewe:

"Kuna Jumamosi moja makaa yaliisha watu wakiwa wamepanga foleni. Saa moja jioni. Nikakwangura vumbi kwenye gunia, halikuwaka. Nikawarudishia watu wanne pesa zao, na mmoja hajarudi mpaka leo."

Hilo sikuliuliza. Lilitoka kwenye kimya. Kama ningerukia swali linalofuata, ningelikosa.

"Na gunia la mwisho kununua, mama, ulilinunua lini?"

"Mm. Sikumbuki vizuri. Wiki iliyopita?"

"Tuangalie kwenye M-Pesa."

Akavaa miwani, akashuka na kidole kwenye ujumbe, na simu yangu ikiendelea kurekodi mikono yake. Malipo kwa yule kijana wa makaa yalikuwa pale: Jumatatu moja, kisha Alhamisi ya wiki iliyofuata, kisha Jumatatu, kisha Alhamisi tena, shilingi 2,700 kila mara. Tukarudi hadi miezi ya jiko la zamani. Jumatatu, Jumatatu, Jumatatu. Mama akacheka peke yake: "Kumbe! Wiki tatu nilikuwa nanunua magunia matatu ya makaa. Sasa wiki tatu ni mawili."

Sentensi hiyo ndiyo iliyofungua video. Hakuna mwandishi ambaye angemwandikia.

Tahadhari mbili za hatua hii. Usimalizie sentensi za mteja, hata kwa kumsaidia. Ukisema "yaani umeokoa kama nusu hivi?" atakubali kwa heshima, na sasa umepiga picha namba yako mwenyewe. Na usiitikie "eeh", "sawa", "kweli" wakati anaongea. Sauti yako itaingia juu ya yake na haitatoka. Tikisa kichwa tu.

Hatua ya 6: Piga hesabu kabla hujatoka hapo

Mama alisema nusu. Ujumbe wa M-Pesa unasema hivi: zamani gunia moja lilidumu siku 6 za kazi, Jumatatu hadi Jumamosi. Sasa la Jumatatu linafika Jumatano ya wiki inayofuata, na la Alhamisi linafika Jumamosi ya wiki nyingine, yaani siku 9 za kazi kila moja. Katika siku 18 za kazi magunia matatu yamekuwa mawili. Hiyo ni theluthi, si nusu.

Kwa shilingi: gunia la 2,700 kwa siku 6 ni 450 kwa siku. Kwa siku 9 ni 300. Tofauti ni 150 kwa siku ya kupika. Jiko alilinunua kwa 8,000, kwa hiyo pesa ya jiko ilirudi baada ya siku kama 54 za kazi, yaani wiki tisa. Alikuwa amepita hapo kitambo.

Kisha nikarudi kwenye swali la 8. Unga: paketi tatu za kilo mbili kwa siku, zamani na sasa. Maharagwe: bado yanachemka kwenye jiko hilo hilo. Bei ya gunia haikubadilika ndani ya miezi hiyo, na hata ingebadilika, hesabu ya magunia haijali bei. Ndiyo maana napendelea kipimo cha kitu, kama gunia, siku au saa, kuliko shilingi. Bei ya makaa ikipanda mwezi ujao, "matatu yamekuwa mawili" bado ni kweli.

Nikamwonyesha mama hesabu kwenye karatasi na kumuuliza kama anakubali theluthi badala ya nusu. Alikubali. Neno "nusu" tukalitupa kwenye uhariri, ingawa alilitamka mwenyewe kwa hiari. Mteja akikosea namba bila kujua, anayeichapisha ni wewe. Sheria ya kulinda watumiaji ya mwaka 2012 inakataza madai ya uongo kuhusu bidhaa, na "mteja ndiye aliyesema" si kinga ninayoweza kumshauri mtu aitegemee.

Usizidishe pia hadi mwaka. "Ameokoa elfu arobaini na kitu kwa mwaka" inasikika kubwa, lakini mama amelitumia jiko miezi minne. Sema miezi minne.

Hatua ya 7: Andika skripti ya kukatia

Sikiliza rekodi yote ukiandika maneno neno kwa neno, na saa ya kila jibu pembeni. Inachosha, lakini ukikata kwa kumbukumbu utachagua majibu yenye hisia na kuacha yenye namba. Pigia mstari kila sentensi yenye siku, idadi, au tukio la "-li-". Sifa zote ziache nje, isipokuwa moja tu mwishoni kama unaipenda sana. Kisha panga: matokeo, mtu, zamani, wasiwasi, sasa, udhia.

Skripti yetu ya sekunde 90 ilitoka hivi. Maneno yote ni ya mama, nami nimeyakata na kuyapanga tu.

0:00 Mikono inasukuma chapati. "Wiki tatu nilikuwa nanunua magunia matatu ya makaa. Sasa wiki tatu ni mawili."

0:09 Uso wake, kibanda nyuma. "Mimi napika chapati na maharagwe hapa Kariobangi. Paketi tatu za unga kwa siku, Jumatatu mpaka Jumamosi."

0:20 Gunia tupu kwenye kona. "Kuna Jumamosi moja makaa yaliisha watu wakiwa wamepanga foleni. Nikakwangura vumbi, halikuwaka. Nikawarudishia watu wanne pesa zao, na mmoja hajarudi mpaka leo."

0:38 Uso. "Fundi aliponiambia elfu nane nilimwambia aende nalo. Elfu nane ni unga wangu. Nikakaa miezi miwili, mpaka nikaona la jirani yangu."

0:52 Kidole kwenye ujumbe wa M-Pesa, namba na majina yamefichwa. "Gunia nikinunua Jumatatu, linafika Jumatano ya wiki ile ingine." Maandishi kwenye skrini: Gunia moja: siku 6 zamani, siku 9 sasa. Miezi 4, unga ule ule.

1:06 Paketi za unga zimepangwa. "Ile pesa nilinunua unga wa jumla, paketi kumi na mbili pamoja. Zamani nilikuwa nanunua tatu tatu dukani."

1:17 Jiko linawashwa alfajiri. "Ubaya wake, linachelewa kushika moto. Lazima niwashe saa kumi na moja kamili. Lile la zamani hata na nusu ningewasha."

1:27 Jina la fundi na mahali alipo Kamukunji.

Tazama kwamba hakuna "nzuri" hata moja. Fundi alinilalamikia kuhusu sehemu ya 1:17. Nikamwomba aiache wiki mbili kabla ya kuamua. Siku ya tatu mpishi wa shule alimpigia na swali lake la kwanza likawa hilo hilo, jiko linachukua muda gani kushika. Tayari alikuwa amelikubali hilo, akabaki kuuliza saizi.

Hatua ya 8: Idhini

Fomu isainiwe kabla ya kurekodi, na video ionyeshwe mteja kabla haijatoka. Fomu itaje video itawekwa wapi, kwa muda gani, na namna ya kuomba iondolewe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kuondoa idhini yake, kwa hiyo usiandike "milele". Si jambo la karatasi tu. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alitoza ukumbi mmoja wa burudani hapa Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake.

Ujumbe wa M-Pesa una majina na namba za watu wengine. Wafiche wote. Na kama umemlipa mteja au kumpa zawadi, sema hivyo kwenye video. Mimi hulipia tu muda wa kazi aliopoteza, na ninaandika chini ya skrini kwamba nimelipia.

Mambo yakienda kombo

*Mteja anajibu kwa neno moja moja.* Acha kuuliza, mwombe akuonyeshe. "Nionyeshe unavyowasha." Mikono ikianza kazi, mdomo hufuata. Rekodi huku anafanya.

*Hana kumbukumbu zozote, analipa taslimu.* Tumia kalenda ya maisha yake: siku ya kodi, siku ya kufungua shule, siku ya soko. "Shule zilipofunguliwa ulikuwa umenunua magunia mangapi?" Kama bado hakuna uhakika, usiweke namba kwenye skrini. Tumia tukio peke yake. Watu wanne kurudishiwa pesa hakuhitaji daftari.

*Biashara yenyewe haina kitu cha kuhesabu, kama saluni au ushonaji.* Tafuta kitu alichoacha kufanya. Mteja wa fundi cherehani aliniambia kwamba tangu ahamie kwake hajarudisha nguo kurekebishwa. "Mara ya mwisho kurudisha nguo ilikuwa lini, kwa fundi wa zamani?" Akataja harusi, na blauzi iliyomkaza kwapani hadi akakaa na leso begani siku nzima. Hapo ndipo video ilipoanza.

*Analia, au anakumbuka jambo zito.* Zima kamera kwanza, kisha uulize kama anataka kuendelea.

*Rekodi imejaa kelele na sentensi muhimu haisikiki.* Usimrudishe mteja aigize. Iandike kwenye skrini neno kwa neno juu ya picha ya mikono yake, na umwonyeshe kabla hujaitoa.

*Hesabu inaonyesha bidhaa haikuleta tofauti.* Hili limenitokea. Mpigie mwenye biashara, mpe namba zote, na umwambie video hii haitatoka. Kisha muulize mteja huyo huyo kwa nini bado ananunua. Mara nyingi ana sababu nyingine kabisa, na hiyo sababu ina siku na saa zake.